Sukari ya bibi ikisoma 4.5, usipige makofi kwanza!

Wiki hii naomba tuache kidogo stori za nani kaachana na nani, maana zipo tu na wiki ijayo zitakuwepo. Leo nataka tuongelee kile kimashine cha kupimia sukari ambacho wengi wenu mmewanunulia wazee nyumbani. Unamkuta kijana katoka kazini, kavua viatu, anamtoboa bibi kidole, anasoma namba, halafu anatangaza nyumba nzima kama matokeo ya mpira: "Nne nukta tano! Bibi leo uko freshi!" Bibi anacheka, shangazi anasema alhamdulilahi, na namba inaandikwa kwenye daftari.

Sasa swali langu ni moja tu. Nani kakwambia kwamba 4.5 ni namba nzuri kwa bibi wa miaka 76?

Utasema ndiyo namba ya mtu mzima asiye na kisukari. Kweli kabisa. Wewe kijana ukiamka asubuhi bila kula kitu unaweza kusoma 4.5 na usihisi lolote, kwa sababu mwili wako una breki zake. Sukari yako ikianza kushuka sana, kongosho linaacha kumwaga insulini, ini linatoa akiba yake, moyo unadunda, unatetemeka, unasikia njaa mpaka unakwenda kutafuta chapati. Lakini bibi anayemeza vidonge vya kushusha sukari hayuko hivyo. Ile 4.5 yake imeshushwa na kidonge, na kidonge hakina habari kama bibi kala au hakula. Kinaendelea na kazi yake tu. Kutoka 4.5 mpaka chini ya 4, ambako ndiko hatari inakoanzia, ni hatua fupi sana. Kula uji nusu bakuli badala ya bakuli zima kunaweza kumfikisha huko.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawaliulizi, nalo ndilo la kwanza kuuliza: bibi anatumia dawa gani? Maana dawa za kisukari si zote zinashusha sukari mpaka chini kabisa. Metformini, vile vidonge vikubwa vyeupe ambavyo watu wengi wanaanzia, ikitumika peke yake ni nadra sana kumwangusha mtu. Bibi wa metformini tupu akisoma 5 asubuhi, hiyo siyo habari ya kuogopesha. Wenye makali ni wawili: sindano za insulini, na vidonge vya ukoo wa glibenklamaidi, ambavyo vinalisukuma kongosho litoe insulini litake lisitake. Mzee akiwa kwenye moja ya hizo mbili, namba ndogo inabadilika maana.

Na hii glibenklamaidi msiichukulie poa. Kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kuna maelezo kabisa kwamba haifai kwa watu wenye zaidi ya miaka 60. Dawa nyingine ya ukoo huohuo, gliklazidi, ndiyo inayopendekezwa kwa wazee. Lakini glibenklamaidi ni ya bei nafuu, ipo kila duka la dawa, na wazee wengi wameimeza miaka kumi na tano bila mtu kurudi kuuliza kama bado inawafaa. Ubaya wake ni huu: inakaa mwilini muda mrefu, na mabaki yake nayo yanaendelea kushusha sukari. Yanatoka kwa njia ya figo. Figo za mzee zikichoka, mabaki hayatoki, yanajazana. Kidonge cha jana kinakutana na cha leo.

Ili tuelewane, tutunge bibi mmoja hapa. Tumuweke Magomeni, umri miaka 76. Ana kisukari miaka 18, ana presha, na anakaa na mjukuu wake aliyeanza kazi juzijuzi. Dawa zake ni glibenklamaidi miligramu 5 asubuhi na 5 jioni, metformini, na atenololo ya presha. Mjukuu kanunua mashine, na daftari lake la wiki mbili linasoma hivi asubuhi kabla ya chai: 4.6, 5.1, 4.3, 4.8. Kliniki walipompima ile sukari ya miezi mitatu, ambayo kwenye karatasi ya maabara inaandikwa HbA1c, ikatoka asilimia 6.2. Nyumbani ni sherehe. Mjukuu anawapigia simu mpaka jamaa wa Tanga.

Lakini kuna mambo mengine yanatokea ambayo daftari haliyaandiki. Bibi siku hizi anaamka kichwa kinamuuma. Khanga aliyolalia imelowa jasho, na watu wanasema ni joto la Dar. Usiku mmoja wamemsikia akiongea na marehemu mume wake. Shangazi kasema hayo ni mambo ya utu uzima, jirani kasema ni majini, mpangaji wa chumba cha nyuma naye kataja mtu wa kumwona huko Bagamoyo. Wiki iliyopita bibi kateleza mlangoni pa choo saa tisa usiku, kaumia kiwiko. Kila tukio limepewa sababu yake, na hakuna hata mmoja aliyesema sukari. Wataisemaje wakati asubuhi inasoma 4.8?

Ndugu zangu, hapo ndipo wazee wanapotofautiana na sisi. Kijana akishukiwa na sukari anatetemeka na kutoka jasho mapema, akili ikiwa bado safi, kwa hiyo anajisaidia mwenyewe. Kwa mzee zile kengele za mwanzo zinalia kwa sauti ndogo, na wakati mwingine akili inachanganyikiwa kabla hajatetemeka hata kidogo. Aliyeishi na kisukari miaka mingi kengele zake zinakuwa zimechoka zaidi. Juu ya hapo kuna zile dawa za presha za aina ya atenololo na propranololo, ambazo kazi yake ni kuutuliza moyo. Moyo ukitulizwa, ule mdundo wa kuashiria hatari haumfikii mtu, na mtetemo nao unapungua. Jasho peke yake ndilo halizibwi, ndiyo maana ile khanga iliyolowa ingefaa kuulizwa maswali. Kinachobaki kuonekana nje ni bibi anayeongea ovyo, mkali bila sababu, anayeyumba, mwenye mkono uliolegea mpaka mnadhani kapigwa kiharusi.

Turudi kwa bibi wetu. Siku ya Jumapili hajisikii kula, kanywa chai kavu tu, lakini dawa kameza kwa sababu yeye ni mtu wa kutii daktari. Saa saba mchana mjukuu anamkuta kakaa mkekani, macho yako wazi lakini hamwelewi mtu. Kwa bahati kijana anakumbuka mashine. Inasoma 2.4.

Alichofanya ndicho kinachotakiwa. Alihakikisha kwanza bibi anaweza kumeza, akakoroga sukari vijiko vinne vya chai kwenye maji, akamnywesha taratibu. Nusu chupa ndogo ya soda ya kawaida nayo ingefaa, siyo zile zisizo na sukari. Akasubiri dakika kumi na tano, akapima: 3.3. Akarudia. Mara ya tatu ikasoma 4.9, bibi akamtambua, akauliza kwa nini watu wamejaa chumbani. (Angekuwa amezimia, hakuna kumwekea chochote mdomoni, si maji ya sukari wala asali, kwa sababu kinaweza kuingia kwenye mapafu. Unamlaza ubavu na kutafuta gari, basi.)

Nyumba ikapumua. Bibi akala mkate, watu wakatawanyika, mjukuu akatoka kwenda kuangalia mpira. Saa kumi jioni bibi akaanza tena kuongea ovyo. Mashine ikasoma 2.9.

Hapo ndipo glibenklamaidi inapowaumbua watu wengi. Sukari ya kwenye kikombe inaisha baada ya muda mfupi, kidonge kipo mwilini bado. Mtu anainuka, anaanguka tena, hata usiku wa manane watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo mzee aliyeshukiwa na sukari akiwa kwenye dawa hiyo anatakiwa kupelekwa hospitali hata kama ameamka na anacheka, akalazwe aangaliwe siku nzima au zaidi. Bibi wetu alitundikiwa dripu ya glukosi mpaka kesho yake. Vipimo vya damu vikaonyesha figo zimechoka, na hakuna aliyekuwa akijua.

Asubuhi daktari akamwita mjukuu pembeni. Mazungumzo yao tuyaweke hivi:

"Glibenklamaidi naiondoa kabisa. Metformini naipunguza kwa sababu ya figo. Na kuanzia leo sitaki kuona nne wala nne na nusu kwenye daftari lako. Nataka bibi aamke kati ya 5 na 8.3."

"Nane, daktari? Si ndiyo itamuua macho?"

"Kijana, macho yanaharibika kwa miaka. Jana alikuwa anaondoka kwa dakika."

Hayo maneno ya miaka na dakika si ya kutunga tu. Mwaka 1998 Waingereza walitoa matokeo ya utafiti wao mkubwa uitwao UKPDS, uliofuatilia watu waliotoka kugundulika kisukari, kwa wastani wa miaka kumi. Waliobanwa sukari zaidi walipata madhara machache zaidi ya macho na figo. Ndiyo, kubana kunasaidia, tena sana. Lakini faida hiyo ilichukua miaka mingi kuonekana, na waliofaidika walikuwa watu wa makamo, wenye miaka hamsini hivi, ambao bado walikuwa na safari ndefu mbele. Ni kama kuweka akiba benki ya kuchukua baada ya miaka kumi. Mtu wa miaka 52 anaiweka kwa raha. Bibi wa miaka 76 mwenye figo mbovu ukimwambia aiweke, huku kila mwezi inamgharimu kuanguka chooni, hesabu haikubali.

Halafu kukaja kitu kilichowashtua hata mabingwa. Marekani na Kanada walifanya utafiti mwingine, jina lake ACCORD, wa watu 10,251 wenye kisukari cha muda mrefu na moyo wa mashaka, wastani wa umri miaka 62. Kundi moja lilisukumwa HbA1c yake ishuke chini ya asilimia 6, yaani kama ya mtu asiyeumwa. Kundi la pili liliachiwa nafasi, kati ya 7 na 7.9. Kila mtu alitegemea kundi la kwanza litashinda. Februari 2008 wakalazimika kusimamisha upande ule wa kubana kabla ya muda wake, kwa sababu waliokufa walikuwa 257, wakati upande wa pili walikuwa 203. Kushukiwa na sukari mpaka kuhitaji msaada wa hospitali kulikuwa mara tatu zaidi kwa waliobanwa. Mabishano juu ya nini hasa kiliwaua yaliendelea miaka mingi, na si haki kusema kila kifo kilitokana na sukari kushuka. Ila baada ya hapo ile imani ya kwamba kadiri inavyoshuka ndivyo inavyokuwa bora ikafa kifo chake.

Sasa hivi Chama cha Kisukari cha Marekani kinawagawa wazee kwa hali zao, siyo kwa miaka yao tu. Mimi napenda mgawanyo huo kwa sababu mtu yeyote mwenye macho anaweza kuuona. Kuna mzee wa kwanza, ana miaka 70 lakini anakwenda sokoni mwenyewe, hesabu za duka anapiga kichwani, maradhi mengine hana ya kutaja. Huyo HbA1c yake iwe chini ya 7 mpaka 7.5, na asubuhi asome kati ya 4.4 na 7.2. Kuna wa pili, kama bibi wetu wa Magomeni, mwenye maradhi kadhaa ya kudumu, au anayehitaji kusaidiwa dawa na pesa, au kumbukumbu imeanza kupungua. Huyo chini ya 8 inatosha, na asubuhi kati ya 5 na 8.3. Na kuna wa tatu, mgonjwa sana au aliyepoteza kumbukumbu kabisa. Kwake haifukuziwi namba ya miezi mitatu hata kidogo. Kinachotakiwa ni asishukiwe na asiteseke na dalili za sukari kupanda, na asubuhi akisoma kati ya 5.6 na 10 hakuna wa kumsumbua.

Nasikia wajanja wameshaanza kusema: kumbe basi bibi ajimwagie keki na soda? Ebo! Kulegeza kamba si kuikata. Sukari ikipita kama 10 figo zinaanza kuimwaga kwenye mkojo, na mkojo unaondoka na maji. Mzee anaamka usiku mara tano kwenda chooni, na kila safari ni nafasi ya kuanguka. Anakauka mwili huku hasikii kiu vizuri, maana kiu nayo inazeeka. Akipata homa au kidonda cha mguu, sukari inaruka zaidi, na anaweza kufika hospitali amekauka na hana fahamu, sukari iko thelathini na kitu. Kwa hiyo mzee anayesoma zaidi ya 15 siku mbili mfululizo, anakojoa sana na amelegea, huyo haambiwi umri umemruhusu. Anapelekwa.

Bibi wetu baada ya wiki mbili daftari lake linasoma 7.4, 8.1, 7.8, 6.9. Miezi mitatu baadaye HbA1c ikatoka 7.6. Mjukuu bado anaona kama amefeli mtihani, lakini khanga zinaamka kavu, na yule marehemu mume hajaja tena usiku.

Hiyo HbA1c yenyewe pia msiiabudu. Ni wastani, na wastani una tabia ya kuficha. Mzee anayecheza kati ya 3 usiku na 17 mchana anaweza kutoa namba ya miezi mitatu ambayo haionyeshi kabisa kwamba kila usiku anatembea ukingoni mwa shimo. Tena kipimo hicho kinasoma sukari iliyonasa kwenye chembe nyekundu za damu, kwa hiyo aliyeongezewa damu karibuni, mwenye upungufu wa damu au mwenye matatizo ya selimundu anaweza kupewa namba isiyo yake.

Kwa hiyo wewe mwenye mashine, ongeza kitu kwenye daftari. Ukisikia mzee ameongea ovyo, ametoka jasho usiku, ameamka na kichwa au ameanguka, pima saa hiyohiyo, hata kama ni saa tisa ya usiku, na uandike saa pamoja na alichokula jioni. Andika pia siku alizoruka mlo. Wale wa kufunga Ramadhani mpeleke mzee kliniki wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, maana dozi na saa za dawa lazima zipangwe upya, na wengine wataambiwa wasifunge. Dawa usipunguze mwenyewe kwa sababu umesoma gazeti, hasa insulini. Beba daftari na vidonge vyote kwenye mfuko, mpaka vile alivyopewa na jirani, uvimwage mezani kwa daktari, kisha umuulize mambo mawili: kati ya hivi ni kipi kinachoweza kumwangusha, na asubuhi unataka asome ngapi mpaka ngapi. Namba atakayokupa iandike kwa wino mwekundu kwenye jalada, upande wa chini na upande wa juu.